Choya, amla na tunda la waridi: vitamini C hupotelea wapi kabla ya kufika kwenye glasi?

"Habari za kazi mtaalamu. Nipo Dodoma, nalima choya na kuuza juisi yake. Naianika juani siku tatu au nne juu ya bati, halafu naichemsha nusu saa mpaka rangi yote itoke. Mkwe wangu ana mimba ya miezi mitano. Kliniki walimpima damu ikawa 9.4, wakampa vidonge vya kuongeza damu. Mimi nampa jagi zima la choya kila siku kwa ajili ya vitamini C na damu. Sasa kijana mmoja kaniambia kuchemsha kunaua vitamini yote. Mdogo wangu aliyeko Ujerumani hunitumia chai ya tunda la waridi, na Kariakoo nilinunua unga wa amla, tunda la Kihindi. Kipi kina vitamini C ya kweli, na nikiandae vipi isipotee?"

Shikamoo mama. Kijana huyo hajakosea, ila ameanza hadithi mwishoni. Moto unaharibu vitamini C, ni kweli, lakini kwenye choya yako moto ni mwizi wa mwisho kuingia, na anapoingia anaikuta nyumba karibu tupu. Sehemu kubwa ilishaondoka juu ya bati. Na kabla hata ya bati, choya yenyewe haikuwa na akiba kubwa kama watu wanavyodhani.

Nianze na hapo, maana ndipo wengi tunapopotea. Ulimi ukionja ukali tunasema "hiyo vitamini C", na jicho likiona wekundu tunasema "hiyo damu". Ukali wa choya unatokana na asidi nyingine, hasa ya limau na ya tufaha, na vitamini C inachangia kidogo sana. Chukua ukwaju: ni mkali mpaka meno yanakufa ganzi, lakini gramu 100 za nyama yake zina miligramu tatu au nne tu za vitamini C. Pera, ambalo ni tamu na halimkunji mtu uso, lina zaidi ya miligramu 200 kwa uzito huohuo. Ukali haupimi chochote hapa.

Wekundu nao ni rangi ya mmea, ya jamii ileile inayopaka zambarau na biringanya. Hauna uhusiano na damu. Damu ya mkwe wako inajengwa kwa madini ya chuma, protini, asidi ya foliki na vitamini B12, na juisi ya choya haileti vitu hivyo kwa kiasi cha kumtoa kwenye 9.4. Najua akina mama wengi wameambiwa vingine, tena na watu wanaowapenda. Ndiyo maana nalisema hili bila kuzunguka, kwa sababu kuna mimba hapa.

Sasa tupige hesabu ya jagi lako. Majedwali ya chakula yanayotumika sana yanaipa choya mbichi, ile nyama nyekundu inayozunguka tumba la mbegu, miligramu 12 hivi kwa gramu 100. Aina za choya hutofautiana na nyingine hupimwa juu zaidi, lakini tuanze na hiyo. Choya mbichi karibu yote ni maji: kilo moja ikikauka inabaki kama gramu 100 na kitu kidogo. Tuseme unatumia gramu 40 za choya kavu, ambazo ni vikombe viwili hivi visivyoshindiliwa, kwa lita mbili za maji. Gramu 40 hizo zilikuwa gramu 400 zilipokuwa shambani, kwa hiyo zilikuwa na miligramu 48 za vitamini C. Ukigawa kwenye glasi nane za lita mbili, unapata miligramu sita kwa glasi. Hiyo ni kama hakuna hata chembe iliyopotea njiani, jambo ambalo haliwezekani. Shirika la Afya Duniani linamwekea mtu mzima miligramu 45 kwa siku, na mjamzito anahitaji zaidi ya hapo. Hata choya yako ingekuwa ya aina bora mara tatu, glasi moja ingeanza na miligramu 18 kabla ya jua na sufuria kuchukua zao.

Na wanachukua hivi. Vitamini C ni kitu kinachopenda kuungana na oksijeni. Ikiungana nayo mara ya kwanza inabadilika umbo, lakini mwili bado unaweza kuitumia. Ikisogea hatua ya pili imekwisha, hairudi tena, na hakuna namna ya kuifufua. Joto, mwanga, na madini kama shaba na chuma huharakisha safari hiyo. Ukali, yaani asidi, huichelewesha, na hapo choya ina bahati kidogo. Ndiyo maana pia si vizuri kutia magadi kwenye juisi ili kupunguza ukali: unaondoa ulinzi huo, na utaliona kosa mwenyewe, wekundu utageuka kuwa rangi ya samawati chafu.

Lakini kuna adui mwingine ambaye watu hawamsemi. Ndani ya mimea mingi kuna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuiunganisha vitamini C na oksijeni. Tunda likiwa zima, kimeng'enya hicho kimetengwa kwenye chumba chake. Ukilikata, ukalibonyeza au likanyauka, kuta za vyumba zinapasuka na viwili hivyo vinakutana. Sasa fikiria choya yako. Umeipasua kutoa tumba la mbegu, umeitandaza juani, na kwa siku ya kwanza na ya pili ni teketeke, imenyauka lakini bado ina maji. Hapo ndipo hasara kubwa inapotokea: kuna joto la kukichangamsha kimeng'enya lakini si la kukiua, kuna maji ya kufanyia kazi, kuna hewa, kuna jua. Siku ya nne inapolia kama karatasi ukiishika, shughuli imeshakwisha. Kukausha juani polepole mara nyingi kunaondoa zaidi ya nusu ya vitamini C ya kitu kilichokatwa, na kwa choya iliyoanza na kidogo, nusu hiyo si ya kujivunia.

Kwa hiyo joto si adui wakati wote. Hapa nikupeleke kwenye tunda la waridi, kwa sababu walioligeuza kuwa dawa ya taifa walilielewa jambo hili vizuri.

Chai anayokutumia mdogo wako inatokana na tunda dogo jekundu linalobaki kwenye waridi mwitu maua yakishapukutika. Huko Ulaya linaota kwenye vichaka vya kando ya njia. Likiwa bichi ni tajiri mno: gramu 100 zina miligramu 400 hivi, na baadhi ya aina hupita hapo mbali. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, meli za kuleta machungwa zilipokuwa zinazamishwa baharini, Uingereza ilianza mwaka 1941 kuwatuma watoto na akina mama kuyachuma kwa magunia ili itengenezwe sharubati ya watoto wachanga. Maelekezo ya Wizara ya Chakula ya mwaka 1943 yalikuwa na neno moja muhimu: maji yawe yanachemka tayari, matunda yasagwe, na yakitoka kwenye mashine yatumbukizwe humo papo hapo. Yasisubiri hata kidogo. Maji yanayochemka yanakiua kimeng'enya kwa muda mfupi mno, kabla hakijakutana vya kutosha na vitamini. Baada ya hapo sufuria inaondolewa motoni, inatulia robo saa, inachujwa. Moto mkali kwa muda mfupi uliokoa zaidi kuliko ubaridi wa muda mrefu ungeweza kuokoa. Nalipenda sana fundisho hili, kwa sababu jikoni kwetu tunafanya kinyume chake: tunakata mapema, tunaacha mezani, kisha tunachemsha muda mrefu.

Ila pakiti ya chai si ile sharubati. Ndani ya kifuko kimoja kuna gramu mbili au tatu za maganda makavu, na mara nyingi yamechanganywa na choya ileile unayolima wewe, kwa ajili ya rangi. Soma upande wa pakiti, utaiona kwenye orodha, huenda ikawa ya kwanza. Hata kama maganda hayo yangekauka bila kupoteza chochote, kifuko kisingezidi miligramu 30 hivi. Kukaushwa, kukaa ghalani, kusafiri, kisha kulowekwa kwenye maji moto dakika chache bila vyote kutoka, kunakuacha na miligramu chache tu kwenye kikombe. Ni chai nzuri, inyweni kwa ladha yake na kwa upendo wa aliyeituma. Usiihesabu kama vitamini.

Amla inastahili maelezo zaidi, maana ndiyo yenye sifa kubwa kuliko zote, na sifa hizo zina ukweli ndani yake. Tunda bichi, lile la kijani mpauko lenye ukakasi, lina vitamini C nyingi kweli. Vitabu vya zamani vya India viliandika miligramu 600 kwa gramu 100. Vipimo vipya zaidi vya majedwali ya India vinatoa karibu 250. Tofauti hiyo haikutokana na udanganyifu. Kuna aina tofauti za amla, na kuna suala la namna ya kupima. Njia ya zamani ilitumia rangi ya maabara ambayo vitamini C huifanya ipauke. Unahesabu umetumia rangi kiasi gani, unapata jibu. Shida ni kwamba tanini, zile zinazoleta ukakasi mdomoni, zinaweza kuipausha rangi hiyo pia. Amla imejaa tanini. Kwa hiyo vipimo vya namna hiyo huenda vilihesabu tanini kama vitamini C. Ukisikia mtu anasema amla haipotezi vitamini hata ikichemshwa, jua sehemu ya madai hayo huenda imetoka huko: vitamini iliondoka, tanini zikabaki, kipimo kikasema vyote vipo.

Lakini si yote ni makosa ya kipimo. Ukali wa amla na tanini zake huonekana kuichelewesha vitamini kuharibika, na unga wake mkavu umewahi kutumika kutibu kiseyeye wakati wa njaa ya Hissar kule Punjab, miaka ya 1939 na 1940. Kiseyeye ni ugonjwa wa kukosa vitamini C kabisa, na miligramu kumi kwa siku zinatosha kuuzuia. Kwa hiyo unga uliotengenezwa vizuri unabaki na kitu. Kijiko kimoja cha chai ni gramu tatu hivi. Kwa tunda lenye miligramu 250, kijiko hicho kingekuwa na miligramu 50 kama hakuna hasara, na baada ya kukaushwa na kusagwa mimi ningekitegemea kwa 10 mpaka 25 kama unga ni mpya. Kusaga nako kuna gharama: unga una uso mkubwa wa kukutana na hewa, hivyo unaendelea kupoteza ndani ya pakiti, hasa ukivuta unyevu.

Kwa hiyo fungua pakiti yako tuangalie. Unga mzuri ni wa kijani kibichi kilichofifia au kijivu chenye umanjano, na unamwagika vizuri. Ukiwa umekuwa kahawia iliyokolea na umeshikana mabonge, umezeeka au umelowana, na vitamini C ni ya kwanza kuondoka. Halafu tafuta neno moja kwenye karatasi yake: nywele. Madukani unga mwingi wa amla huuzwa kwa ajili ya kupaka kichwani, na huo haukuandaliwa wala kukaguliwa kama chakula. Kama pakiti inasema nywele, au haisemi chochote, mkwe wako asiunywe. Na hata ule wa kula, kwa mjamzito mwenye upungufu wa damu sina haraka nao, kwa sababu tanini hushikana na madini ya chuma tumboni na kuyazuia yasipite.

Hilo ndilo linalonifikisha kwenye vidonge vyake. Wazo lako la kumpa vitamini C pamoja na chuma ni sahihi kabisa, mama. Vitamini C husaidia chuma cha mimea na cha vidonge kupita kwenye utumbo, mradi viwe tumboni kwa pamoja. Tatizo ni kwamba choya inakuja na vitamini C kidogo na polifenoli nyingi, jamaa wa karibu wa tanini, ambazo zinavuta upande mwingine. Asidi zake zinasaidia kiasi, polifenoli zinazuia kiasi. Huwezi kujua nani ameshinda kwenye glasi yako.

Badala yake, mpe pera moja la ukubwa wa yai pamoja na kidonge. Pera hilo la gramu 55 hivi lina miligramu 100 na ushee, mbichi, halijaguswa na jua la bati wala sufuria. Msimu wa mapera ukipita, chungwa moja lina miligramu 60 mpaka 70, na kipande kizuri cha papai kinafika hapohapo. Na wewe uko Dodoma, nchi ya mibuyu. Ubuyu ndio amla yetu. Unga wake mweupe unakauka wenyewe mtini, ndani ya gamba gumu lililofungwa, mbali na mwanga, bila kukatwa na mtu. Ndiyo maana hubaki na miligramu 150 mpaka 300 kwa gramu 100 hata ukiwa mkavu. Kijiko kimoja kikubwa kwenye uji ni miligramu 15 mpaka 30, ila utie uji ukishaipuliwa na kupoa kiasi cha kunyweka. Ubuyu wa rangi uliopikwa na sukari ni peremende, huo tusiuhesabu.

Chai ya rangi, chai ya maziwa na kahawa zikae mbali na kidonge, angalau saa moja kabla na saa moja au mbili baada yake.

Kuhusu jagi zima kila siku, naomba ulipunguze. Choya hushusha shinikizo la damu kidogo, jambo ambalo kwa mtu mzima mwenye presha ya juu linaweza kuwa jema, lakini mjamzito aliyechoka na mwenye damu pungufu anaweza kupata kizunguzungu. Tena zipo sehemu ambako imekuwa ikitumiwa kwa wingi kuleta hedhi, na usalama wa kiasi kikubwa wakati wa mimba haujathibitishwa. Glasi ndogo mara moja moja kwa hamu, hiyo sina ugomvi nayo. Jagi kila siku, hapana. Na akienda kliniki amwambie muuguzi kwamba alikuwa anainywa, hasa kama ana dawa yoyote ya presha.

Kwa biashara yako sasa. Usichemshe nusu saa. Rangi ya choya hutoka haraka: chemsha maji, yamwage juu ya choya iliyooshwa, funika dakika kumi mpaka kumi na tano, chuja. Ukichemsha muda mrefu wekundu unaanza kuelekea kahawia na ladha inakuwa nzito, hilo utaliona hata bila maabara. Utasikia wengine wanashauri kuloweka kwenye maji baridi usiku kucha ili kuokoa vitamini. Kwa choya iliyoanikwa nje, ikapigwa na vumbi na kukanyagwa na kuku, mimi sishauri. Maji ya moto yanapunguza vijidudu, na unachookoa kwa baridi ni miligramu moja au mbili. Kuharisha kwa mjamzito, au kwa mteja wako, ni bei kubwa mno kwa miligramu mbili. Ukitaka juisi iwe na vitamini C kidogo, subiri ipoe kabisa ndipo ukamulie ndimu, na hata hapo ndimu moja inaongeza kama miligramu kumi tu. Tumia sufuria ya chuma kisichoshika kutu au iliyopakwa kauri. Ukali wa choya unakula aluminiamu.

Kukausha kunaweza kuboreka pia, kwa ajili ya rangi na usafi zaidi kuliko vitamini. Bati tupu acha, asidi inalila. Tandaza tabaka moja jembamba kwenye chekeche au wavu ulioinuliwa, hewa ipite juu na chini, chini ya kivuli chenye upepo au ndani ya kaushio la jua lenye plastiki juu. Lengo ni kukipita kile kipindi cha unyevunyevu upesi. Ikishavunjika kwa mlio, iweke kwenye chombo kisichopitisha hewa, gizani. Kwenye lebo usiandike "inaongeza damu". Andika choya.

Mwisho ni kliniki, na hapa siwezi kusaidia kwa maandishi. Kipimo cha 9.4 ni upungufu wa damu, kwa mjamzito mpaka wa chini ni 11, au 10.5 katika miezi ya kati ya mimba. Akinywa vidonge kama alivyoelekezwa, wiki nne zinatosha kuonyesha dalili, na mara nyingi damu hupanda kwa gramu moja hivi. Kama haijapanda, tatizo linaweza kuwa malaria, minyoo, selimundu au damu inayopotea mahali, na hayo yanatafutwa kwa vipimo. Kama vidonge vinamtapisha, arudi wambadilishie, asiviache kimyakimya. Na asingoje siku ya kliniki akihema kwa shida hata akiwa amekaa, moyo ukimwenda mbio, akizimia, viganja vikiwa vyeupe, akitokwa damu ukeni, au akiumwa kichwa kikali na kuona maluweluwe. Hapo mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.